Soseji mbichi: anza na maji, malizia na mafuta

Panga soseji kwenye kikaango kikiwa bado baridi, mimina maji yafike nusu ya unene wake, funika, kisha acha yatokote taratibu dakika 8 hadi 10, ukizigeuza mara moja. Maji hayo hayazidi nyuzi 100, kwa hiyo nyama huiva hadi ndani kabla ngozi haijakaza na kupasuka. Usizitoboe kabisa, utapoteza juisi. Funua, maji yakauke, ndipo utie kijiko kimoja cha mafuta na kuzigeuzageuza kwa moto wa wastani mpaka ziwe za kahawia. Maji yakichemka kwa nguvu, zitapasuka vilevile. Zilizoganda ziyeyushe kwanza kwenye friji, la sivyo katikati hubaki mbichi. Ukiwa na kipimajoto, katikati ifike nyuzi 71. Za kuku, 74.