Bajeti ya magari Dodoma: kujenga jedwali linaloonyesha dizeli au dola ikipanda jumla itafika wapi

Juzi nilikaa na mhasibu kijana wa mradi wa visima. Ofisi yao ipo Dodoma mjini, lakini kazi yenyewe iko Chemba, Kondoa na Mpwapwa, kwa hiyo bajeti yao karibu yote ni matairi na dizeli. Mkurugenzi alikuwa amemuuliza swali moja: "Mafuta yakipanda na shilingi ikishuka, tunakwama wapi?" Kijana alikuwa amejibu kwa kuongeza asilimia 10 kwenye jumla. Nilimwambia hilo si jibu, maana posho ya dereva haipandi kwa sababu dola imepanda. Tukafungua Excel. Ninaandika hapa tulivyofanya, kwa namba za mfano zilizokaribiana na zake.

Hatua ya 1: Bei zikae peke yake

Juu kabisa ya karatasi weka bei ya dizeli na bei ya dola, kila moja kwenye seli yake. Chini yake weka seli mbili za mabadiliko, zote zikiwa sifuri kwa sasa.

```
B2  2800          bei ya dizeli kwa lita
B3  2600          shilingi kwa dola 1
B4  0%            mabadiliko ya mafuta
B5  0%            mabadiliko ya dola
B6  =B2*(1+B4)    dizeli baada ya mabadiliko
B7  =B3*(1+B5)    dola baada ya mabadiliko
```

Bei ya dizeli usiikisie. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na tangazo lina bei ya kila mji. Gari likijaza Kondoa, tumia bei ya Kondoa. Ya Dar es Salaam iko chini kwa sababu mafuta yanashushwa bandarini pale pale, sisi tunalipia na safari ya kuyaleta huku.

Hatua ya 2: Mistari ya bajeti

Yeye alikuwa na mistari minne mikubwa. Magari ya ofisi yanatumia lita 10,000 kwa mwaka. Lori la kukodi linakwenda safari 40 kwa nauli ya 900,000. Pampu, spea na matairi vinanunuliwa kwa bei inayofuata dola, jumla dola 10,000. Mishahara ya madereva, posho na bima ni milioni 60, na hiyo haiguswi na dizeli wala dola.

```
B10  =C10*B6                            C10: lita 10000
B11  =C11*D11*(1+E11*(B6/B2-1))         C11: safari 40, D11: nauli 900000, E11: 40%
B12  =C12*B7                            C12: dola 10000
B13  60000000
B14  =SUM(B10:B13)
```

Jumla ni milioni 150 kamili.

Mstari wa lori ndio watu wengi huupita. Nauli inaonekana kama bei isiyotikisika, kumbe ndani yake kuna dizeli ya mtu mwingine. Mwenye lori alipoulizwa alisema kama asilimia 40 ya nauli inaishia sheli, na mkataba unamruhusu kupandisha nauli mafuta yakipanda. Kwa hiyo dizeli halisi ya bajeti hii si milioni 28 inayoonekana, ni milioni 42.4. Kama mkataba wako umefunga nauli mwaka mzima, weka sifuri kwenye E11, ila jiulize kwanza kama huyo mwenye lori atakubali kupakia bei ikiruka.

Hatua ya 3: Jedwali lenyewe

Hapa ndipo nilipopotezea usiku mzima mwaka wa kwanza wa kazi hii, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kwenye kona, seli G14, andika `=B14`. Kulia kwake, H14 hadi K14, andika mabadiliko ya dola: -10%, 0%, 10%, 20%. Chini yake, G15 hadi G17, andika mabadiliko ya mafuta: 0%, 10%, 20%. Chagua eneo lote kuanzia kona, G14 hadi K17. Nenda Data, kisha What-If Analysis, kisha Data Table. Kwenye Row input cell weka B5, kwa sababu dola ndiyo imelala juu. Kwenye Column input cell weka B4. Bonyeza OK.

Excel itachukua kila asilimia ya pembeni, itaipachika B4 au B5 kimyakimya, isome B14, iandike jibu, kisha irudishe sifuri. Ukielewa hilo, makosa yote yanayofuata yanaeleweka.

Kosa langu lilikuwa kwenye namba za pembeni. Sikutumia seli za mabadiliko. Nilitaka pembeni paonekane bei zenyewe, nikaandika `=B2*1.1`, `=B2*1.2`, halafu nikaielekeza Data Table iibadilishe B2. Fikiria kinachotokea: Excel inabadilisha B2, na namba za pembeni, kwa kuwa zinaitegemea B2, nazo zinabadilika wakati hesabu inaendelea. Hakuna onyo lolote. Jedwali linajaa namba safi kabisa, zenye koma mahali pake, na zote ni uongo. Niligundua tu kwa sababu niliandika bei mpya kwa mkono kwenye B2, jumla ikakataa kulingana na jedwali. Tangu siku hiyo pembeni naandika namba kavu, zisizotegemea seli yoyote, na natumia asilimia tu. Anayetaka kuona bei za shilingi aziandike kwenye safu nyingine kando.

Kosa la pili alilifanya kijana. "Kaka, mbona kila seli inaniambia milioni 150?" Kompyuta ya ofisi ilikuwa imewekwa isihesabu majedwali haya yenyewe. Nenda Formulas, Calculation Options, uchague Automatic, au bonyeza F9 kila unapobadilisha kitu. Zikibaki sawa hata baada ya F9, basi ama mistari yako yote ina bei iliyoandikwa kwa mkono ndani ya fomula badala ya kusoma B6 au B7, ama umeielekeza Data Table kwenye seli zisizo B4 na B5.

La tatu: B4 na B5 lazima ziwe kwenye karatasi ile ile yenye jedwali. Ukiweka jedwali kwenye karatasi ya mkurugenzi na bei kwenye karatasi nyingine, Excel itakataa. Na usijaribu kufuta seli moja ya katikati, haifutiki. Futa majibu yote kwa pamoja.

Kabla ya kumwonyesha mtu, fanya ukaguzi huu. Seli ya 0% na 0% lazima iwe sawa na B14. Halafu shuka kwenye safu yoyote: pengo kati ya seli na seli lazima liwe lile lile, kwa sababu lita hazibadiliki. Kwenye jedwali hili la kwanza pengo ni milioni 4.24, yaani asilimia 10 ya ile dizeli halisi. Pengo likikua unaposhuka, rudi ukaangalie namba za pembeni.

Google Sheets haina Data Table. LibreOffice inayo kwa jina la Multiple Operations. Mimi kwa kazi hii nabaki Excel.

Hatua ya 4: Dola imo ndani ya dizeli

Jedwali lilipokamilika lilisema dola ikipanda asilimia 10 peke yake, jumla inafika milioni 152.6. Kijana akafurahi. Mimi nikamwuliza: dizeli inanunuliwa kwa nini huko nje? Kwa dola. Haiwezekani dola ipande na dizeli ikae kimya kana kwamba inachimbwa Kongwa.

Lakini pia dizeli haipandi kwa asilimia ile ile ya dola. Ndani ya bei ya sheli kuna gharama ya mafuta yenyewe, inayofuata soko la dunia na dola, na kuna kodi na tozo zilizopangwa kwa shilingi kwa kila lita, ambazo hazijali dola imelala wapi. Chukua mchanganuo wa bei, jumlisha sehemu zinazolipwa kwa dola, gawanya kwa bei ya lita. Kwa mfano huu nimeweka 60%. Iandike B8, kisha badilisha seli moja tu:

```
B8  60%
B6  =B2*(1+B8*((1+B4)*(1+B5)-1))
```

Sasa B4 haimaanishi tena bei ya sheli. Inamaanisha bei ya soko la dunia, na bei ya sheli inatokana nayo pamoja na dola. Jedwali likawa hivi, kwa milioni za shilingi:

| Soko la dunia | Dola -10% | Dola 0% | Dola +10% | Dola +20% |
|---|---|---|---|---|
| 0% | 144.9 | 150.0 | 155.1 | 160.3 |
| +10% | 147.1 | 152.5 | 157.9 | 163.3 |
| +20% | 149.4 | 155.1 | 160.7 | 166.4 |

Dola ikipanda asilimia 10, pigo si milioni 2.6 tena, ni milioni 5.1. Karibu mara mbili, na nusu yake ilikuwa imejificha kwenye tangi. Jua pia kwamba haliji siku ile ile. Bei kikomo inafuata mafuta yaliyokwisha kuingia, kwa hiyo dola ikiruka leo, sheli itakuonyesha baadaye. Kwa bajeti ya mwaka haisumbui sana. Kwa bajeti ya robo mwaka usiweke mabadiliko yote kuanzia mwezi wa kwanza.

Na angalia maneno. "Dola imepanda asilimia 10" ni 2,860. "Shilingi imeshuka thamani asilimia 10" ni kama 2,889. Chagua moja, uiandike juu ya jedwali.

Hatua ya 5: Pesa inaingia kwa sarafu gani?

Hii ilichukua dakika tatu na ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Ruzuku yao inakuja kwa dola, 58,000. Ongeza seli mbili, kona isome B16 badala ya B14:

```
B15  58000
B16  =B15*B7-B14
```

Dola ikipanda asilimia 10, matumizi yanafika milioni 155.1, lakini ruzuku inageuka milioni 165.9. Wanabaki na zaidi ya milioni 10. Dola ikishuka asilimia 10, matumizi yanapungua hadi 144.9, ila ruzuku inakuwa milioni 135.7, na wanapungukiwa milioni 9.1. Yaani mkurugenzi alikuwa anaogopa upande usio wake. Na si jambo la kufikirika: mwaka 2024 dola ilifika kama shilingi 2,700, kisha shilingi ikapata nguvu kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana nilikataa kabisa jedwali lisilo na safu ya -10%.

Kijana akauliza kama sasa afute zile safu za kupanda. Nikamwambia aziache, maana mwaka ujao wana mfadhili wa pili anayelipa kwa shilingi, na kwake B15 itazidishwa kwa 1, si kwa B7.