SOMO: Mke wa kwanza anapoona tangazo la ndoa ya mume wake komini

Ndugu na dada wa Lubumbashi, wengi wanadhani karatasi ya ndoa inayobandikwa kwenye ubao wa komini ni ya mapambo. Karatasi ile inabandikwa ili yeyote mwenye sababu ya kisheria aseme kabla ndoa haijafungwa. Leo nashika sababu moja tu, ile inayovunja arusi nyingi: mmoja wa wachumba bado yuko ndani ya ndoa nyingine.

Kwanza, namna ndoa inavyotangazwa. Wachumba wanakwenda wenyewe kwa ofisa wa etasivili, yaani burugumesta au aliyepewa kazi hiyo, kwenye komini ambako mmoja wao anakaa. Wanatangaza nia yao na kuonyesha vitambulisho. Ofisa anatazama umri, ambao ni miaka 18 kwa wote wawili, anauliza kama mali ya ndoa imetolewa, hata sehemu tu, na kama kuna ndoa ya zamani. Kisha majina yanabandikwa, kwa kawaida siku 15.

Sasa tuchukue mfano. Mama mmoja anakaa Katuba. Mume wake alihama nyumba zamani. Binamu yake anapita komini ya Kampemba, anaona jina la bwana yule ubaoni pamoja na jina la msichana mwingine. Mama afanye nini?

Asingoje siku ya arusi kwenda kupiga kelele mlangoni. Aende Kampemba, mahali penye tangazo, kwa maana Katuba hawana faili hiyo. Achukue akti yake ya ndoa, ile yenye namba na muhuri wa komini iliyoiandika. Kama imepotea, aombe nakala kwenye komini hiyo. Halafu aandike barua fupi: mimi ni nani, ni mke wa nani tangu lini, na napinga kwa sababu ndoa yetu haijavunjwa. Abaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi na tarehe. Bila muhuri huo, kesho mtu anaweza kusema hakuona barua yoyote.

Ofisa akipokea pingamizi la namna hii, asifungishe ndoa kwanza. Anamwita bwana. Hapo ndipo jibu la kawaida linatoka: “Tuliachana, familia zilikaa, mali ikarudishwa.” Jibu hilo halitoshi. Kwa Kodi ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, talaka inatoka kwa hakimu, na kurudisha mali hakuvunji ndoa iliyoandikwa. Bwana alete hukumu ya talaka, pamoja na uthibitisho kwamba haikukatiwa rufaa.  Akikosa hivyo, ndoa mpya haiwezi kufungwa, maana sheria yetu hairuhusu ndoa mbili kwa wakati mmoja, tena inaadhibu anayefanya hivyo. Wakiendelea kubishana, neno la mwisho ni la tribinali ya amani.

Ninawaonea huruma sana wachumba wa pili, maana mara nyingi wao ndio hawajui kitu. Dada, kabla familia haijapokea mali, uliza wazi: “Uliwahi kuandikwa komini?” Ukiambiwa ndiyo, omba uone hukumu yenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Ruashi: Yaya, sisi tulioana kwa familia tu, mali ilitolewa yote, lakini hatukuandikwa. Naweza kupinga?

Jibu: Nenda upinge, mama, lakini ujue kazi ni ngumu zaidi. Ndoa ya familia ni ndoa, ila kwa watu wa nje inahesabika tangu siku ilipoandikwa. Tafuta wajomba na mashahidi wa pande zote mbili waliokuwapo mali ikitolewa, pamoja na karatasi yoyote iliyosainiwa siku ile, na uende tribinali ya amani ukaombe ndoa itambuliwe. Kama wewe na mume bado mko pamoja, msingoje ugomvi, andikisheni sasa.

Kijana wa komini ya Kenya: Mjomba wa mchumba wangu anasema atatupinga kwa sababu nimebakisha mbuzi na pesa kidogo.

Jibu: Sheria inataka mali iwe imetolewa angalau sehemu, basi salio peke yake si kizuizi. Ni deni kati yako na baba mkwe. Peleka shahidi wa familia ya msichana aseme mbele ya ofisa kwamba sehemu ilipokelewa, halafu kaeni na mjomba mpange tarehe ya kumaliza.

Dada wa Kamalondo: Na kama mume wangu alifunga ndoa ya kanisa na huyo mwingine bila komini?

Jibu: Kanisani hakuna akti ya etasivili, kwa hiyo ndoa yako bado iko. Mpelekee mchungaji au padri nakala ya akti yako, na nakala nyingine uiweke komini anakokaa huyo mwanamke, ili siku wakija kuomba tangazo waikute kwenye faili.

Kijana wa komini ya Kenya: Asante yaya. Nikileta shahidi mmoja, anatosha?

Jibu: Leta wawili, mmoja wa upande wako na mmoja wa upande wake, na kila mmoja aje na kitambulisho chake.