Somo: Skeli ya grafu, naeleza mara moja tu

Kila msimu wa praktikali ya fizikia naulizwa "skeli nichukue ngapi?" Sasa naandika hapa, nisiulizwe tena. Mfano ni pendulamu: L ni 20, 40, 60, 80 na 100 sm, T² ni 0.81, 1.61, 2.42, 3.22 na 4.03 s².

1. L iwe mlalo, T² wima.

2. Hesabu miraba mikubwa. Karatasi yangu ina 9 mlalo na 12 wima, kila mraba vijiraba 10.

3. Gawanya: 4.03 ÷ 12 = 0.34, na 100 ÷ 9 = 11.1.

4. Panda hadi namba rahisi iliyo juu yake: 1, 2, 5, au hizohizo ukisogeza nukta ya desimali. Kwa hiyo 0.34 inakuwa 0.5, na 11.1 inakuwa 20. Usishuke, nukta ya mwisho itatoka nje ya karatasi.

Hapa ndipo nilipoharibu nikiwa kidato cha nne. Nilitaka grafu ijae pomoni, nikachukua 0.35 kwa mraba. Ikajaa kweli, miraba 11 na nusu. Ila kijiraba kimoja kikawa 0.035. Kuweka 0.81 nilipita miraba miwili (0.70), ikabaki 0.11, nami kwa haraka nikahesabu kijiraba kimoja badala ya vitatu. Nukta ikaanguka, nikaupinda mstari kuifuata, na mteremko ukaharibika. Kwa 0.5 kijiraba ni 0.05, na grafu inachukua miraba 8 wima na 5 mlalo. Zaidi ya nusu kila upande, inatosha. Epukeni 3, 7 na ndugu zao.

5. Andika skeli, jina na kizio kwenye kila mhimili.

MASWALI

Juma_F4: Nikutumie data zangu unipe skeli?
— Hatua ya 3 na ya 4. Kugawanya unajua.

Juma_F4: Sina muda, mtihani kesho.
— Kugawanya mara mbili ni dakika moja.

binti_wa_Tanga: Mwalimu, kama L zangu zinaanzia 60, lazima mihimili ianze 0? Nukta zote zimejibana pembeni.
— Swali zuri, dada. Kama unatafuta mteremko tu, anza L kwenye 60 na T² kwenye 2.4. Mraba mmoja uwe 5 sm na 0.2 s², utajaza miraba 8 kila upande. Lakini usisome kikato kwenye mhimili wima: pale L ni 60, si 0. Chukua nukta ambayo mstari unaipitia, kisha c = T² − mL.

binti_wa_Tanga: Kumbe! Mwaka jana nilisoma 2.4 nikaandika ndiyo c.
— Wengi huandika hivyo. Kwa pendulamu c inatakiwa iwe karibu na 0.

fundi_rula: Nyongeza: rula inayoonyesha upande wa pili, uone nukta za juu na chini ya mstari.
— Na penseli ichongwe. Nukta nene inameza kijiraba kizima.