Somo: Terminali zenye kutu zinavyoigiza betri iliyokufa

Gari linagoma kuwaka. Taa za dashibodi zinawaka vizuri na redio inaimba, lakini ukipiga stata unasikia "tak" moja na kila kitu kinafifia. Wengi hapo hapo huenda kununua betri. Kabla hujatoa hela, fungua boneti uangalie pale waya unapoishika betri. Kama kuna unga mweupe au wa kijani-bluu, au terminali inazunguka ukiishika kwa mkono, huenda betri ni nzima.

Sababu iko kwenye kiasi cha umeme. Taa kubwa mbili hutumia kama ampea 10, stata ya gari dogo hutumia 150 au zaidi. Tuseme uchafu umeleta ukinzani wa omu 0.03 tu. Kwenye taa unapoteza volti 0.3, huoni tofauti. Kwenye stata unapoteza 4.5, nayo haina tena nguvu ya kuzungusha injini.

Hakikisha kwanza kwa mita. Iweke kwenye volti 20 DC. Gusa waya mmoja juu ya nguzo yenyewe ya risasi, wa pili kwenye terminali inayoibana nguzo hiyo, kisha mtu apige stata. Mgusano mzuri hauzidi volti 0.2. Rudia upande wa pili. Halafu pima nguzo kwa nguzo, stata ikipigwa vilevile.

Mfano wa Toyota IST: nguzo kwa nguzo ni 12.5 gari likiwa limezimwa, na stata ikipigwa inabaki 12.1. Kati ya nguzo chanya na terminali yake mita inasoma 5.3. Betri hiyo haijachoka, umeme wake ndio haupiti. Ingekuwa imechoka, hiyo 12.1 ingeporomoka chini ya 9.6.

Kusafisha:

1. Zima gari, toa ufunguo, vaa glavu na miwani. Usivute sigara hapo, betri hutoa gesi inayolipuka.

2. Kwa spana namba 10 (magari mengi ya Kijapani), legeza hasi kwanza, kisha chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, ni shoti kubwa. Terminali ikikwama, ipanue taratibu na uizungushe huku na huku. Usiigonge wala kuing'oa kwa bisibisi, nguzo hupasuka pale inapoingia kwenye kasha.

3. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha magadi soda kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Hakikisha vifuniko vya betri vimekaza, kwa sababu magadi yakiingia ndani yanaua asidi. Paka kwa mswaki wa zamani. Povu likikoma, asidi imekwisha. Suuza, kausha.

4. Sugua nguzo na upande wa ndani wa terminali kwa msasa laini mpaka risasi ing'ae. Watu hukosea hapa: wanang'arisha nje, wakati umeme unapita ndani, kwenye utando mweusi usioonekana terminali ikiwa imefungwa. Sugua kukiwa na unyevu, vumbi la risasi ni sumu, na unawe mikono.

5. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Isukume ishuke mpaka chini, kaza hadi isizunguke kwa mkono, basi. Ndipo upake grisi au vaselini kwa nje.

Maswali ya wanachama

*Fundi, nimekaza hadi midomo ya terminali imekutana na bado inacheza. Niweke msumari?*

Usiweke, kaka. Msumari unagusa sehemu ndogo tu, na hapo patapata moto. Angalia nguzo zako: betri nyingi za NS40 zina nguzo nyembamba, na terminali ya nguzo nene haiwezi kuzibana. Nunua bushi za risasi za kuvika nguzo, au ubadilishe terminali.

*Mimi namwagia maji ya moto tu, unga unaisha. Kuna ubaya?*

Unga unaondoka, asidi inabaki na kutiririka kwenye trei, ambayo nayo huanza kuliwa. Tumia magadi, na usuuze mpaka chini.

*Nimesafisha, wiki mbili baadaye unga umerudi upande wa chanya peke yake.*

Washa injini upime nguzo kwa nguzo. Ikiwa kati ya 13.8 na 14.5, chaji ni sawa. Ikivuka 15, alteneta inachaji kupita kiasi na asidi inafuka, peleka kwa fundi umeme. Chaji ikiwa sawa, kagua shina la nguzo: likiwa na unyevu kila ukilifuta, asidi inavuja hapo. Ufa huo hauzibiki kwa gundi, na hapo betri mpya ndiyo dawa.