Saidia fundi akianza kuongea ovyo juani

Siku ya kumwaga zege, mtu mwenye kiu, kichwa kinachogonga na mkojo wa rangi ya chai kapungukiwa maji. Akae kivulini, anywe kidogo kidogo.

Lakini ukimuuliza ndoo iko wapi akajibu mambo yasiyoeleweka, akayumba, akapata degedege au akazimia, joto limeshafika kwenye ubongo. Usisubiri jasho likauke, wengine huanguka wakiwa wamelowa chapachapa. Mmoja atafute gari la hospitali. Wengine mvueni shati na buti, mmwagieni maji ya baridi mfululizo huku mkimpepea kwa kipande cha boksi. Msimnyweshe kitu, atapaliwa. Panadoli haishushi joto hili. Akizimia huku anapumua, mlazeni ubavu. Hata garini, endeleeni kumlowesha.