Namna ya kuthamini upya salio la benki na ankara za dola mwisho wa mwezi, na kuombea idhini ingizo lake

Kampuni ndogo inayoandika vitabu vyake kwa sarafu ya nchi yake, huku ikiwa na akaunti ya benki ya dola au ankara za dola ambazo hazijalipwa, inapaswa kuyahesabu upya masalio hayo kila inapofunga mwezi. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu IAS 21 inataka fedha zilizopo, pamoja na madai na madeni yatakayolipwa kwa fedha, vioneshwe kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku ya kufunga, na tofauti inayopatikana iingie katika faida au hasara ya kipindi hicho. Hesabu yenyewe ni fupi. Kinachowasumbua wengi hujitokeza mwezi unaofuata, ankara inapolipwa, na ndiyo maana mwongozo huu unafuatilia ankara moja hadi siku ya malipo yake.

Kabla ya kugusa kiwango chochote, kamilisha usuluhishi wa benki kwa dola na uhakikishe kwamba orodha ya ankara ambazo hazijalipwa, nayo kwa dola, inalingana na leja ya wadaiwa na ya wadai. Uthamini upya huanza na kiasi cha dola. Kama dola zenyewe zina kosa, kwa mfano ada ya benki ambayo haijaandikwa, kosa hilo litajificha ndani ya tofauti ya ubadilishaji na itakuwa kazi kulitafuta baadaye. Katika hatua hii pia, tenga malipo ya awali. Dola ambazo mteja amelipa kabla ya kupelekewa bidhaa hazitarudishwa kwake kwa fedha bali zitamalizwa kwa bidhaa. Kwa hiyo deni hilo hubaki katika kiwango cha siku lilipopokewa na halithaminiwi upya, ingawa dola zile zile zilizoko benki zinathaminiwa.

Hatua ya pili ni kuchagua kiwango. Tumia chanzo kimoja mwezi hadi mwezi. Kampuni nyingi ndogo hutumia kiwango cha wastani kinachotangazwa na benki kuu. Kama siku ya mwisho ya mwezi ni ya mapumziko, chukua kiwango cha mwisho kilichotangazwa kabla yake. Chapisha ukurasa wenye kiwango hicho na tarehe yake, kwa kuwa anayeidhinisha ataudai, na mkaguzi naye atauulizia.

Sasa tuchukue mfano. Kampuni ilianza mwezi na dola 6,000 benki, zilizokwisha kuthaminiwa kwa 130 mwezi uliotangulia, yaani 780,000 katika sarafu ya vitabu. Tarehe 12 ilipokea dola 4,000 kwa kiwango cha 131, na tarehe 20 ikalipa dola 2,000 kwa kiwango cha 132. Salio ni dola 8,000, na leja inaonesha 1,040,000. Kiwango cha kufunga ni 133, kwa hiyo dola hizo sasa ni 1,064,000, na faida ya ubadilishaji ni 24,000. Mwezi huo huo kampuni ilimwandikia mteja ankara ya dola 5,000 kwa kiwango cha 131, yaani 655,000. Kwa 133 inakuwa 665,000, faida ya 10,000. Ilipokea pia ankara ya msambazaji ya dola 3,000 kwa kiwango cha 132, yaani 396,000. Kwa 133 deni hilo limefikia 399,000, hasara ya 3,000. Jumla ni faida ya 31,000.

Katika lahajedwali, weka dola katika safu ya B, thamani ya vitabu katika safu ya C, na kiwango cha kufunga katika F1. Andika madeni kwa alama ya kutoa katika safu zote mbili, B na C, ili jibu chanya liwe faida daima na jibu hasi liwe hasara:

```
=ROUND(B2*$F$1,2)-C2
```

Usiliamini jibu la benki kabla ya kulipima kwa njia ya pili. Dola 6,000 zilipanda kwa 3 kila moja, sawa na 18,000. Dola 4,000 zilizoingia zilipanda kwa 2, sawa na 8,000. Dola 2,000 zilizotoka zilikosa kupanda kwa 1, sawa na 2,000. Kumi na nane kujumlisha nane kutoa mbili ni elfu 24, kama tulivyopata. Hesabu hizi mbili zikipishana, mara nyingi kuna muamala ulioingizwa kwa kiwango cha siku nyingine.

Kisha andaa vocha ya jarida yenye tarehe ya mwisho ya mwezi. Debiti benki 24,000 na wadaiwa 10,000. Krediti wadai 3,000 na faida ya ubadilishaji ambayo haijapatikana 31,000. Akaunti hiyo ya mwisho itenganishwe na ile ya faida na hasara iliyokwisha kupatikana, kwa sababu sheria za kodi za nchi kadhaa huzitendea tofauti. Ambatisha taarifa ya benki, usuluhishi wake, orodha za ankara, ukurasa wa kiwango na lahajedwali. Mpelekee mwenye mamlaka ya kuidhinisha, ambaye asiwe yule aliyeandaa, naye achague angalau mstari mmoja na kuukokotoa upya kabla ya kutia saini. Ingizo lipostiwe baada ya saini, ndipo mwezi ufungwe.

Pamoja na vocha hiyo, omba idhini ya ingizo la kurudisha nyuma lenye tarehe ya kwanza ya mwezi mpya, kwa upande wa ankara pekee: debiti faida ambayo haijapatikana 7,000, debiti wadai 3,000, krediti wadaiwa 10,000. Benki hairudishwi katika utaratibu huu. 1,064,000 ndiyo thamani yake ya kuanzia mwezi mpya. Ankara zinarudishwa kwa sababu programu nyingi za uhasibu, malipo yanapoingia, huyalinganisha na kiwango cha siku ankara ilipoandikwa, wala si na kiwango cha kufunga.

Tuseme mteja analipa tarehe 9 kwa kiwango cha 129. Dola zake 5,000 zinaingia benki kwa 645,000, na programu inaandika hasara iliyopatikana ya 10,000 dhidi ya ile 655,000 ya mwanzo. Ukijumlisha na 10,000 iliyorudishwa tarehe 1, mwezi mpya unabeba hasara ya 20,000, ambayo ndiyo sahihi, maana dola zilishuka kutoka 133 hadi 129. Kwa miezi yote miwili hasara halisi ni 10,000.

Ingizo la kurudisha likisahauliwa, mwezi mpya utaonesha hasara ya 10,000 tu, na leja itakuambia wazi: mteja atakuwa na salio la dola sifuri, lakini katika sarafu ya vitabu bado atadaiwa 10,000. Kwa hiyo, kabla ya kuanza uthamini wa mwezi wowote, chuja orodha ya wadaiwa na ya wadai upate kila mstari wenye dola sifuri na salio lisilo sifuri. Usiufute mstari huo kwa kuupeleka kwenye gharama nyinginezo. Tafuta vocha ya mwezi ulioacha salio hilo, kisha omba idhini ya ingizo la kurudisha lililokosekana, ukitaja namba ya vocha hiyo katika maelezo.