Jahazi linaloelea bila kuonyesha kiungo: wiggle inayojirudia ndani ya After Effects

Mwaka jana nilitengeneza klipu ya sekunde 6 kwa ajili ya skrini kubwa ya mapokezi: jahazi limetia nanga, bahari shwari, jina la mteja juu. Klipu ilikuwa ijirudie mchana kutwa. Siku ya pili mteja akanipigia simu: "Chombo chako kinaruka." Nikaenda kusimama mbele ya skrini nikahesabu. Kweli, kila baada ya sekunde 6 jahazi liliruka ghafla kwenda juu, kama limegongwa kwa chini. Nilikuwa nimeandika `wiggle(0.5, 18)`, amri ya kukisukasuka kitu bila mpangilio, nikaridhika, nikasahau kwamba wiggle haijui klipu inaishia wapi.

Somo hili ni la kutibu ruko hilo. Hatutaweka kiifremu hata kimoja, yaani zile alama za almasi kwenye taimlaini. Mwendo wote utatoka kwenye ekspresheni mbili fupi, yaani mistari michache ya msimbo, na fremu ya mwisho itaingia kwenye ya kwanza bila mtu kuona kiungo.

Hatua ya 1: Kompozisheni na mhimili

Fungua kompozisheni ya 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, urefu sekunde 6 kamili. Hizo ni fremu 150, kuanzia 0 hadi 149. Usiongeze hata moja. Fremu ya 150 ingekuwa nakala ya fremu 0, na ukiirenda jahazi litasita kidogo kila duru.

Weka picha ya jahazi kwenye leya yake, kisha bonyeza Y upate kifaa cha kuhamisha mhimili (Anchor Point). Programu huuweka katikati ya picha, na kwa jahazi lenye tanga hapo ni juu kwenye mlingoti. Ukiliyumbisha hivyo, mlingoti utatulia na mkuku ndio utakaobembea kama kengele. Uteremshe mhimili hadi pale ubavu wa chombo unapokutana na maji, katikati ya omo na tezi. Sasa ncha ya foromali ndiyo itakayosafiri zaidi, na jicho la mtu wa pwani litakubali.

Hatua ya 2: Kupanda na kushuka

Chagua leya, bonyeza P. Shika Alt (kwenye Mac ni Option) ubofye alama ya saa iliyo kando ya Position. Kisanduku cha maandishi kitafunguka. Andika:

```
f = 0.5;
a = 18;
L = 6;
t = time % L;
w1 = wiggle(f, a, 1, 0.5, t);
w2 = wiggle(f, a, 1, 0.5, t - L);
w = ease(t, 0, L, w1, w2);
[value[0], w[1]]
```

Tuisome taratibu. `f` ni mara ngapi kwa sekunde jahazi linasukwa. Nusu maana yake msukosuko mmoja kila sekunde 2. `a` ni umbali, kwa kipimo cha sifa yenyewe: kwenye Position ni pikseli, kwenye Rotation ni digrii, kwenye Opacity ni asilimia. `L` ni urefu wa duru. Mstari wa `t` unairudisha saa kwenye sifuri kila sekunde 6 zikitimia.

Tiba yenyewe iko kwenye `w1` na `w2`. Hizi ni wiggle ileile, ila moja inasomwa kuanzia sifuri kwenda 6, nyingine kuanzia hasi 6 kuja sifuri. Mwanzoni mwa duru tunaonyesha `w1` peke yake, nayo iko kwenye sifuri. Kisha tunaififisha polepole huku `w2` ikiingia, mpaka mwisho wa duru tumebaki na `w2` pekee, nayo imefika sifuri. Sifuri na sifuri ni mahali pamoja, kwa hiyo kiungo kinapotea.

Watu wengi huchanganya wiggle hizi mbili kwa `linear`, na inafanya kazi. Mimi napendelea `ease`. Kwa `linear` jahazi linafika mahali sahihi kwenye kiungo, lakini mwendokasi wake hubadilika kidogo papo hapo, na kwenye skrini kubwa jicho huhisi kitu hata kama halijui ni nini. `ease` huanza na kumaliza taratibu, kwa hiyo kasi ya kutoka na ya kuingia zinalingana.

Mstari wa mwisho unaacha upande wa kushoto na kulia ulivyo na kuchukua juu na chini tu. Chombo kilichotia nanga hakitembei kwenda pembeni ovyo.

Jambo moja la kutazama: katikati ya duru, karibu na sekunde ya 3, unachokiona ni wastani wa wiggle mbili zisizofuatana, na wastani hupoza. Nguvu ya mwendo hapo hupungua kwa kama tatu ya kumi. Ukiona bahari inatulia kila mara ikifika katikati, pandisha `a` hadi 22 au 24.

Hatua ya 3: Kwenda mrama

Kwa kuyumba ubavu kwa ubavu situmii wiggle. Mrama una mpigo wake, unakwenda na kurudi, kwa hiyo wimbi la sine linafaa zaidi. Bonyeza R, Alt na ubofye saa ya Rotation, uandike:

```
L = 6;
n = 2;
value + 2.5 * Math.sin(2 * Math.PI * n * time / L)
```

Jahazi litainama digrii 2.5 kila upande, mara 2 ndani ya sekunde 6. `n` lazima iwe namba kamili. Ukiweka 2.5, kosa lake ni la kificho: kwenye kiungo jahazi liko wima pande zote mbili, kwa hiyo ukilinganisha picha utasema sawa, lakini lilikuwa linainama upande mmoja na ghafla linageuza. Linaonekana kama limepigwa teke. Ukiliona hilo, angalia `n` kabla ya kitu kingine.

Hatua ya 4: Kukagua

Usiamini onyesho la kwenye laptopu likijirudia lenyewe, maana mara nyingi husita kidogo linaporudi mwanzo, nawe hutajua kama kosa ni la programu au lako. Fungua kompozisheni mpya ya sekunde 12, weka ndani yake ile ya sekunde 6 mara mbili, moja ikianza pale nyingine inapoishia. Kisha tazama kuanzia sekunde ya 5 hadi ya 7. Tembea fremu moja moja kupita 0:00:05:24 na 0:00:06:00. Hatua kati ya hizo mbili isizidi hatua za fremu za jirani zake.

Maswali ya wanachama

*Swali, kutoka Tanga:* Shikamoo mwalimu. Nimeweka wiggle kwenye Scale ya nembo ili ipumue, lakini inabanwa na kuvutwa kama ya mpira.

Marahaba. Scale ina namba mbili, upana na kimo, na wiggle inazisuka kila moja kivyake. Chukua moja uitumie pande zote:

```
w = wiggle(1, 6);
[w[0], w[0]]
```

*Swali, kutoka Mombasa:* Kaka, bendera iko kwenye leya yake. Nimenakili ekspresheni ya jahazi nikaibandika kwenye bendera, namba ni zilezile, lakini bendera inaelea peke yake hewani. Kwa nini?

Kwa sababu wiggle huchagua njia yake kwa kuangalia ni leya ipi na sifa ipi. Leya tofauti, njia tofauti, hata maandishi yakilingana herufi kwa herufi. Futa ekspresheni kwenye bendera, kisha ulifanye jahazi kuwa mzazi wa bendera kwenye safu ya Parent. Tabia hiyohiyo ni neema ukiwa na ngalawa kumi: zidurufu tu, kila moja itasukwa kivyake. Na kama njia uliyopewa huipendi, weka mstari huu juu kabisa, ubadilishe 7 mpaka upate inayokupendeza:

```
seedRandom(7, true);
```

*Swali, kutoka Nairobi:* Nina klipu ya sekunde 30 inayoanza shwari na kuishia dhoruba. Nimefunga `f` kwenye Slider Control na kuipandisha polepole kuanzia sekunde ya 20. Mashua inatetemeka kama ina mashetani, halafu slaida ikifika mwisho inatulia kwenye kasi niliyotaka. Nimekosea wapi?

Wiggle haikumbuki fremu iliyopita. Kila fremu inahesabu upya tangu sekunde 0 kwa `f` iliyopo sasa. Kwenye sekunde ya 20, `f` ikiwa 1, mashua imeshapita misukosuko 20. Ukifika 1.5 inadhani imepita 30, kwa hiyo katika muda mfupi wa kupandisha slaida inakimbia misukosuko 10 ya ziada. Ndiyo mashetani hayo. Acha `f` bila kuigusa, uchanganye hali mbili:

```
s = effect("Slider Control")("Slider");
linear(s, 0, 100, wiggle(0.5, 15), wiggle(3, 40))
```

Sasa slaida ikipanda kutoka 0 hadi 100, shwari inafifia na dhoruba inaingia. `a` haina ugonjwa huu. Hiyo unaweza kuipandisha moja kwa moja.

*Swali, kutoka Dodoma:* Ekspresheni inakataa, inasema "expression result must be of dimension 1, not 2".

Umetenganisha Position kuwa X na Y, au umeibandika kwenye Rotation. Hapo panatakiwa namba moja, nawe unapeleka mbili ndani ya mabano. Kwenye Y Position, mstari wa mwisho uandike `w` peke yake, bila mabano.

*Swali, kutoka Mombasa tena:* Na ndege wanaopita nyuma? Mabawa nimeshayatia viifremu.

Basi hapo viifremu vibaki, uandike `loopOut("cycle")` kwenye sifa hiyohiyo. Kiifremu cha kwanza na cha mwisho viwe na thamani moja, la sivyo bawa litaruka. Umbali kati ya hivyo viwili ndio urefu wa pigo, na lazima ugawanye fremu 150 bila kubaki kitu: fremu 10 au 15 zinafaa. Fremu 12 hazifai, kwa sababu klipu itaishia ndege akiwa nusu ya pigo la kumi na tatu, na skrini ikianza upya bawa litakuwa limeruka.